Kitovu cha nchi na kitovu cha watu wake

Kitovu cha kijiografia cha nchi ni pale ambapo eneo lake lingesimama sawia, kama bamba lenye unene mmoja lingewekwa juu ya ncha. Mwaka 1918 wataalamu wa upimaji wa Marekani walifanya karibu hivyo hivyo: walikata ramani ya kadibodi ya majimbo 48 yanayopakana, wakaitafutia mahali pa kusimama bila kuinama, na jibu likaangukia karibu na mji mdogo wa Lebanon, Kansas. Siku hizi kompyuta hugawa nchi katika vipande vidogo, ikatafuta wastani wa mahali vilipo kwa kuzingatia ukubwa wa kila kipande na mviringo wa dunia. Hata hivyo jibu hutegemea kilichohesabiwa, kwa maana ukiingiza visiwa au maji ya pwani, nukta husogea. Alaska na Hawaii zilipokuwa majimbo mwaka 1959, kitovu cha Marekani kilihamia karibu na Belle Fourche, Dakota Kusini.

Kitovu cha idadi ya watu hutafutwa kwa njia iyo hiyo, ila uzito hautoki kwenye ardhi bali kwa watu, na kila mtu huhesabiwa kuwa na uzito sawa. Kwa latitudo, idadi ya watu wa kila eneo dogo la sensa huzidishwa kwa latitudo ya eneo hilo, mazao yote hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya watu wote. Longitudo huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu digrii moja ambayo kwenye ikweta ina takribani kilomita 111 hupungua hadi nusu yake kwenye latitudo ya 60. Kwa hiyo idadi ya watu huzidishwa kwanza kwa kosini ya latitudo, juu na chini ya mgawanyo.

Kwa hesabu hiyo, sensa ya Marekani ya 1790 ilitoa nukta iliyo Maryland, karibu na pwani ya mashariki, na ile ya 2020 ikatoa nukta karibu na Hartville, Missouri. Wengi huilinganisha nukta hii na Lebanon, jambo ambalo si sahihi sana, kwani hesabu ya watu inajumuisha Alaska na Hawaii. Ulinganisho wa haki ni na Belle Fourche, na umbali kati yao unazidi kilomita 1,200.

Wastani huu una udhaifu wake. Tuchukue miji miwili iliyo kwenye latitudo moja, mmoja wenye watu 900,000 kwenye longitudo 30 na mwingine wenye watu 100,000 kwenye longitudo 40: kitovu kitakuwa longitudo 31, mahali ambapo pengine haishi hata familia moja. Mji mdogo ukihamishiwa longitudo 45, kitovu kitasogea hadi 31.5, ingawa watu tisa kati ya kumi hawakuondoka walipo. Ndiyo maana hutolewa pia nukta ya kati, yaani makutano ya mstari unaogawa watu nusu kaskazini na nusu kusini na ule unaowagawa nusu mashariki na nusu magharibi. Katika mfano wetu nukta hiyo hubaki longitudo 30 kabla na baada ya uhamisho.