Majonzi yasiyopungua: lini mfiwa anahitaji mtaalamu?

"Baba alifariki ghafla miezi 14 iliyopita. Mama alishamaliza eda, lakini bado anampakulia chakula kila usiku na hataki nguo zake ziguswe. Je, hayo ni majonzi ya kawaida?"

Kumpakulia marehemu chakula peke yake si ugonjwa, kama ambavyo kuisikia sauti yake si kurukwa na akili; wafiwa wengi hupitia hayo. Majonzi ya kawaida huja kwa vipindi, na katikati yake mfiwa hucheka, hula na huuliza habari za wajukuu, hata kama siku ya hitima au ya Idi humrudisha nyuma.

Katika tatizo la majonzi ya muda mrefu, hamu ya kumtaka marehemu hubaki karibu kila siku kwa ukali uleule. Mfiwa hushindwa kuamini kuwa amekufa, huona sehemu ya nafsi yake imezikwa naye, hukwepa kila kinachomkumbusha kifo hicho au hufa ganzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unataka hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 6 na ipite kiasi kinachokubalika katika mila na dini ya mfiwa. Ule wa madaktari wa akili wa Marekani unataka miezi 12 kwa mtu mzima. Kwa hiyo machozi ya ndani ya eda, yaani miezi 4 na siku 10, hayatoshi kumpa mtu jina la ugonjwa.

Kwa mama yenu, muda umeshapita kote kuwili. Kinachobaki ni kutazama maisha yake: je, baada ya kupakua yeye mwenyewe hula, au sahani zote mbili hurudi jikoni? Biashara yake ameirudia? Huhudhuria shughuli za majirani? Ikiwa ameacha yote hayo, mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya akili.

"Dawa za sonona hazitamtosha?"

Zitamsaidia ikiwa ana sonona pia, yaani amepoteza raha ya kila kitu na anajiona hana thamani. Hamu ya marehemu yenyewe hazijaonyesha kuipunguza. Kinachosaidia zaidi ni tiba ya mazungumzo iliyotungwa kwa ajili ya majonzi, ambamo mfiwa husimulia kifo hicho hatua kwa hatua na kurudia taratibu anayoyakwepa.

"Ni lini tusisubiri kabisa?"

Akisema anataka kumfuata marehemu, hata iwe ni mwezi wa kwanza. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni dawa na sumu za wadudu ndani ya nyumba, na mfikisheni hospitali siku hiyohiyo. Vilevile msisubiri akiacha kula, au akiacha dawa zake za presha au kisukari.