Kisanduku kimoja hakiondoi zambarau yote

Wapiga picha wanaoniletea kazi za harusi huniambia sentensi moja karibu kwa maneno yaleyale: "Nimeshaweka tiki kwenye kisanduku cha Remove Chromatic Aberration cha Lightroom, lakini zambarau kwenye kingo bado ipo; bila shaka programu yangu ina hitilafu." Programu haina hitilafu yoyote. Kisanduku hicho kimetengenezwa kwa ajili ya kasoro moja, na mteja ana kasoro nyingine.

Dhana: rangi zote zinazojitokeza kwenye kingo ni tatizo moja, na tiki moja inatosha.

Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na ninakiri kwamba ina sababu ya kuaminika, kwa kuwa mara nyingi tiki hiyo huwa imeshafanya kazi katika picha ya awali. Chukua mfano wa picha mbili za harusi moja ya Mji Mkongwe, Unguja. Ya kwanza ilipigwa kwa milimita 24 na f/8, ikionyesha nyumba nzima, roshani yake, na mnazi kwenye kona ya juu kushoto ukiwa mbele ya anga jeupe. Ukiikuza hadi asilimia 200, unaona kila kuti lina mstari mwekundu upande mmoja na mstari wa buluu-kijani upande wa pili. Kwenye kona ya chini kulia mpangilio huo umegeuka, na katikati ya picha hakuna rangi yoyote ya ziada. Tiki ikiwekwa, mistari hutoweka papo hapo.

Hiyo ni kasoro ya rangi ya pembeni. Kioo hupinda mwanga wa buluu kuliko mwekundu, kwa hiyo lenzi hukuza taswira ya kila rangi kwa kiwango tofauti kidogo, na tofauti hiyo huongezeka kadiri unavyoondoka katikati. Kwa kuwa taarifa ya kila rangi ipo salama, ila imekaa pikseli moja au mbili kando ya mahali pake, programu huikuza au kuipunguza kidogo chaneli nyekundu na ya buluu hadi zilingane na ya kijani. Ndiyo maana marekebisho haya hayaharibu kitu, na mimi huweka tiki hiyo kwenye picha zote bila kufikiri.

Picha ya pili ni ya bibi harusi, milimita 85 kwa f/1.8, ameketi kando ya dirisha lenye mwanga mkali. Yupo katikati kabisa ya fremu, na bado hereni yake ya fedha imezungukwa na pindo la zambarau, ukingo wa shela unaotokeza mbele ya sehemu iliyofokasiwa una zambarau hafifu, na nondo za dirisha lililo nyuma yake zina kijani. Zambarau mbele ya fokasi na kijani nyuma yake: ukiiona alama hiyo, usipoteze muda na kisanduku. Hapa rangi hazikutofautiana kwa ukubwa wa taswira bali kwa umbali wa fokasi. Kijani kinapokuwa kwenye fokasi, nyekundu na buluu huwa zimepita au hazijafika, kwa hiyo hutawanyika kuzunguka nukta inayong'aa, na mchanganyiko wake ni zambarau. Hakuna cha kusogeza mahali pake, kwa sababu chaneli zenyewe zina ukungu.

Kinachofanyika ni kuififisha rangi. Katika Lightroom Classic, fungua paneli ya Lens Corrections, toka kwenye kichupo cha Profile, kilipo kile kisanduku, uende kwenye Manual, ambako utakuta Defringe. Kuza picha, chukua kidondoshi, kisha ubofye katikati ya pindo lenyewe, si kwenye ngozi wala kwenye shela. Programu itapanga Purple Amount na Purple Hue yenyewe. Baada ya hapo shikilia kitufe cha Alt huku ukisogeza kitelezi, ili uone ni maeneo gani hasa yanayoguswa. Kiwango cha juu ni 20, na watu hukimbilia huko; mimi huanzia 3 au 4 na mara chache huvuka 8. Ukizidisha, pindo la zambarau hugeuka kuwa mstari wa kijivu kuzunguka hereni, na mteja atakayeutazama mstari huo kwenye picha iliyochapishwa kwa ukubwa wa ukuta atauchukia kuliko zambarau.

Katika picha hii kulikuwa na shida ya ziada, kwani mama wa bibi harusi, aliyesimama kando, alivaa gauni la zambarau. Defringe haijui gauni ni nini; inaona ukingo wenye zambarau na kuufifisha, kwa hiyo mshono wa bega na nakshi za mkono zilianza kupauka. Nilibana masafa ya Purple Hue, ambayo kwa kawaida huanza 30 hadi 70, mpaka gauni lilipoanza kusalimika, kisha nikapaka barakoa juu ya gauni na kushusha kitelezi cha Defringe cha barakoa hiyo hadi -100, ambacho hulizuia eneo hilo lisiguswe na marekebisho ya picha nzima. Kijani cha nondo kilishughulikiwa kwa Green Amount kwa njia hiyohiyo.

Dhana: funga tundu la lenzi na kila kitu kitaisha. Kutoka f/1.8 hadi f/2.8, pindo la zambarau hupungua kwa kiasi kinachoonekana, na kwa f/4 mara nyingi halisumbui tena. Kasoro ya pembeni, kwa upande wake, haijali: yale makuti ya mnazi yangekuwa na mistari ileile kwa f/11.

Dhana: shusha zambarau ya picha nzima. Tafadhali, usifanye hivyo. Utaua gauni, maua, na vivuli vya jioni ili kuokoa pikseli tatu za ukingo.

Dhana: lenzi ya gharama kubwa haina tatizo hili. Sehemu kubwa ya bei hiyo hulipia tundu pana, na tundu pana ndilo linaloikuza kasoro ya fokasi. Lenzi nyingi za f/1.4 hutoa zambarau zaidi zikiwa wazi kabisa kuliko zumu ya kawaida ya f/4. Zile zilizosahihishwa kikamilifu kwa rangi zote zipo, lakini soma majaribio ya lenzi husika badala ya kusoma bei.

Dhana: geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, rangi itapotea. Rangi hupotea, ukingo haupotei. Chaneli zilizopishana huacha mstari hafifu wa pili kwenye makuti, nalo pindo la zambarau huwa utepe wa kijivu ambao hung'aa au kukolea kutegemea unavyochanganya chaneli. Kwa hiyo sahihisha kwanza ukiwa bado na rangi, kisha ugeuze. Na ikiwa mhariri wako anatumia programu inayolinganisha chaneli kuanzia katikati ya fremu, kama darktable kwa vitelezi vyake vya TCA, yaani vya kasoro ya rangi ya pembeni, mpe faili ambalo halijakatwa. Kwenye picha iliyokatwa, katikati ya fremu si katikati ya lenzi tena, na marekebisho yatapunguza rangi upande mmoja huku yakiiongeza upande mwingine.