Kanopi ya mlango: mbona chuma chake kingi hakionekani?

"Kanopi ya mlango wangu inatoka nje mita 1 tu, konkriti haifiki hata robo kyubiki. Nimepiga kilo 80 za chuma kwa kila kyubiki nikapata kilo 18. Mbona fundi anaitisha 25 na zaidi, ananiibia?"

Hapana, hakuibii, na hesabu yako ya konkriti iko sawa. Shida iko kwa hiyo kilo 80. Hiyo ni namba ya kukadiria slabu ya kawaida, ile imekalia bimu pande zote, na pale inafanya kazi vizuri kwa sababu chuma kinaanza na kuisha ndani ya konkriti ile ile unayoipima. Kanopi haiko hivyo. Konkriti yake unaipima kuanzia uso wa ukuta kwenda nje, lakini vyuma vinapita juu ya ukuta vinarudi ndani ya nyumba, na ile sehemu ya ndani ndiyo ndefu. Kwa hivyo unachukua chuma cha ndani na cha nje unakigawanya kwa konkriti ya nje peke yake, na jibu lolote utakalopata haliwezi kulinganishwa na la slabu.

Kuona kwa nini lazima virudi ndani, fikiria ubao wa jukwaa pale kwa mjengo, umewekwa juu ya mhimili halafu nusu yake inaning'inia nje. Ukisimama kwa ncha bila mtu upande wa nyuma, ubao unabinuka na wewe unaenda chini. Mwenzako akikaa nyuma karibu kabisa na mhimili haisaidii sana, itabidi awe mzito kweli, lakini akisogea nyuma zaidi, hata akiwa mwepesi anakushikilia. Sasa kanopi ni ule upande wa nje, bimu iliyo juu ya mlango ndiyo mhimili, na slabu ya ndani ndiyo mtu aliyekaa nyuma. Chuma ndicho kinachounganisha hao wawili wawe kitu kimoja. Ukikikata pale kwa bimu, umekata ubao kwa mhimili. Na angalia pia vile ubao unapinda: upande wa juu unavutika, wa chini unabanwa. Konkriti inavumilia kubanwa vizuri sana lakini kuvutwa haiwezi, ndio maana chuma kikuu cha kanopi kinakaa juu, kinyume na slabu ya kawaida ambayo katikati yake chuma kikuu kiko chini.

Tuchukue kanopi yenyewe tuihesabu, tuseme ni ya nyumba ya ghorofa huko Utawala, slabu ya fasti flo iko usawa wa kanopi. Upana kufuata ukuta ni mita 1.8, inatoka nje mita 1, unene ni milimita 150 pale kwa ukuta na unapungua hadi 100 kwa ncha. Hapa unatumia unene wa wastani, yaani 125, ukitumia 150 kote utanunua konkriti ambayo haina pa kuingia:

`1.8 × 1.0 × 0.125 = 0.225`

Hiyo ni kyubiki mita 0.225, na kwa kilo 2,500 kwa kyubiki, chuma ikiwa ndani, kanopi yenyewe inakuwa kama kilo 560 inayoning'inia juu ya kichwa cha mgeni. Ukiweka asilimia 5 hivi ya kumwagika unafika 0.24, na kwa mchanganyiko wa 1 kwa 1.5 kwa 3 unahitaji mifuko 2 ya simiti ya kilo 50. Upande wa konkriti umeisha hapo, hauna maneno mengi.

Chuma sasa. Vile vikuu ni D10, yaani vya kipenyo cha milimita 10, kimoja kila milimita 200, na kwa upana wa mita 1.8 vinatoka 10. Kila kimoja kinaenda nje karibu mita 0.98, kwa ncha kinakunjwa kushuka kidogo, na nyuma kinarudi mita 1.5 kuanzia uso wa nje wa ukuta. Hiyo 1.5 inatoka kwa kanuni inayotumika sana saiti, kwamba chuma kirudi ndani angalau mara moja na nusu ya kile kinachotoka nje. Injinia wako anaweza kuandika zaidi kulingana na slabu, na akiandika fuata yake. Pamoja na mikunjo kila chuma ni mita 2.6, kumi ni mita 26. Uzito wa mita moja unaupata kwa kuchukua kipenyo mara kipenyo ukagawanya na 162:

`10 × 10 ÷ 162 = 0.617`

Mita 26 mara 0.617 ni kilo 16. Lakini ukipima ile sehemu iliyo ndani ya kanopi peke yake, kutoka uso wa ukuta kwenda nje, ni kama mita 10 tu, yaani kilo 6 na kidogo. Karibu kilo 10 zimefichwa ndani ya slabu na hakuna mtu atakayeziona tena.

Vile vya kukatiza, vinavyofungwa kwa waya chini ya vikuu, ni D8 kila milimita 200, urefu mita 1.75. Kwa kanopi vinaingia 6, na huko nyuma 7 zaidi kushikilia vikuu visitawanyike, jumla 13, mita 22.75, na kwa 0.395 kwa mita hizo ni kilo 9. Jumla yote ni kilo 25, ile ile fundi alikuambia. Ukiigawanya kwa 0.225 unapata kama kilo 111 kwa kyubiki, na ukihesabu chuma cha nje pekee unapata kama kilo 46. Kanopi ni moja, michoro ni ile ile, na namba mbili ziko mbali hivyo. Ndio maana kwa kazi ndogo ya kutoka nje namba ya kilo kwa kyubiki haifai kabisa, hesabu kila chuma kwa urefu wake.

Ile "na zaidi" nayo inatoka kwa duka, chuma kinauzwa kwa urefu wa mita 12. D10 moja inakupa vipande 4 vya mita 2.6 inabaki mita 1.6, kwa hivyo vipande 10 vinataka vyuma 3. D8 moja inakupa vipande 6, mbili zinakupa 12, na cha 13 usinunue chuma kizima kwa ajili yake, kikate kwa ile D10 ya tatu ambayo ina karibu mita 7 zimebaki. Unabeba D10 tatu na D8 mbili, kama kilo 32. Vipande vinavyobaki vya D8 usivitupe, vina kazi hapa chini. Na ukiwa pale hadiweya pima chuma, D10 ya mita 12 inafaa iwe karibu kilo 7.4, ikiwa pungufu sana ujue kipenyo si 10 vile wanasema.

Kuna kitu kinashangaza hapa. Ukipiga hesabu ya mzigo wenyewe, uzito wa kanopi, plasta, na watu wachache wakipanda kurekebisha kitu, chuma kinachohitajika kwa nguvu peke yake hakifiki robo ya hizo D10 tulizoweka. Kingi kinaingia kwa sababu kuna kiwango cha chini cha kuzuia nyufa na kwa sababu nafasi ikizidi sana konkriti inapasuka katikati ya vyuma. Kwa hivyo kanopi ndogo ikianguka, mara nyingi si kwamba chuma kilikuwa chembamba, ni kwamba kilikaa mahali pabaya.

Na kukaa mahali pabaya ni rahisi sana. Chuma kinafungwa juu vizuri, halafu siku ya kumwaga vijana wanapita na karai, wanakanyaga, kinashuka. Kinachopimwa ni umbali kutoka uso wa chini wa kanopi hadi kwa chuma, pale kwa ukuta. Kikiwa juu inavyofaa ni milimita 120 hivi, kikishuka katikati ni 75, na kikilala chini kabisa juu ya vijiwe vya kava ni 30. Kwa 75 ile akiba kubwa bado inaibeba lakini ufa utaonekana, kwa 30 akiba imeisha na ufa unaweza kushuka karibu unene wote. Ile mita 3 ya D8 iliyobaki ndiyo inatengeneza viti 6 vya nusu mita, vinakaa chini ya vyuma vikuu, hasa karibu na ukuta, na ubao wa kupitia unawekwa juu kando ili mtu asikanyage chuma. Wakati wa kumwaga, chomeka kijiti kwa konkriti mbichi hadi kiguse chuma, upime. Ikiwa ni zaidi ya milimita 30 hivi kutoka juu, simamisha kazi kiinuliwe saa hiyo hiyo.

Kanopi ya zamani unaitambua kwa kuipanda, si kwa kuiangalia ukiwa chini. Ufa wa hatari uko juu, unafuata mstari wa ukuta, na maji yakiingia humo chuma kinakula kutu mahali pale pale kinapovutwa zaidi. Kutoka chini utaona tu doa la maji pale inapokutana na ukuta, au ncha imelala kidogo, na wakati mwingine huoni chochote.

Hesabu yote hii inasimama juu ya slabu ya ndani. Kwa bangalo ya mabati hakuna slabu, kuna linta tu na kozi chache za mawe juu yake, na hapo mambo yanabadilika. Kanopi ile ile inabinuka kwa nguvu ya kilo 560 mara kama mita 0.47 kutoka ukutani, kwa hivyo ukuta wa milimita 200, ambao katikati yake iko mita 0.1 tu nyuma ya ukingo, ungehitaji kuwa na uzito wa kilo 2,600 hivi kuusawazisha. Mawe ya juu ya mlango, upana mita 1.8 na kimo mita 0.6, hayafiki kilo 550 hata ukiyahesabu mazito kama konkriti. Linta basi inabaki kupambana na kusokotwa, inatakiwa ipite mbali pande zote mbili za mlango na iwe na ringi zilizofungwa kamili, na vyuma vya kanopi viingie ndani ya hizo ringi. Kilo zake zinahesabiwa na linta, na saizi yake ni ya injinia kuandika, usikubali kukisiwa.

Ukiongeza kaukuta ka pembeni ili maji yasimwagike ovyo, unene 100 na kimo 200 kuzunguka pande tatu, hiyo ni konkriti 0.072 zaidi, karibu theluthi ya kanopi nzima, na nusu yake inakaa kwa ncha kabisa ambako inavuta kuliko mahali pengine. Weka bomba la kutoa maji mapema, maji ya kimo cha milimita 50 yakisimama hapo yanapita kilo 70. Na mihimili ya fomuwaki iache angalau siku 14, ile ya slabu ya ndani pia isiguswe, na ukianza kutoa anza kwa ncha urudi kwa ukuta.