Likizo zisizochukuliwa na bonasi isiyolipwa: zinaingiaje kwenye hesabu za mwisho wa mwaka?

Kila tunapopitia hesabu za kampuni ndogo, sehemu ya madeni huwa tunaikuta imejaa wasambazaji, benki na kodi, ila wafanyakazi hawamo. Ukimuuliza mwenye kampuni anakujibu "mishahara yote nimelipa, hakuna anayenidai". Mshahara kweli umelipwa, lakini kuna siku za likizo watu wamezifanyia kazi na hawajazichukua, na kuna bonasi ya mwaka huu itakayolipwa mwezi wa tatu mwakani, na zote mbili ni kazi ambayo imeshafanyika mpaka tarehe 31 Desemba ila pesa yake haijatoka. Hilo ni deni. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 19 kinataka liandikwe, na kile cha kampuni ndogo na za kati, sehemu ya 28, nacho ni hivyohivyo.

Tuanze na likizo, maana ndo inayosahaulika zaidi. Swali la kwanza ni je, siku ambazo mtu hajachukua zinahamia mwaka unaofuata au zinakufa? Kama zinakufa zote tarehe 31 Desemba na hazilipwi hela, huna deni, hakuna cha kuandika. Kama zinahamia, unaandika deni, na hapa watu wengi wanachanganya: wanadhani deni linakuwepo pale tu ambapo mfanyakazi akiacha kazi analipwa hizo siku kwa fedha taslimu. Siyo hivyo. Hata kama sera yako inasema anayeondoka halipwi kitu, bado mwakani huyu mtu atakaa nyumbani kwa siku alizozipata mwaka huu na wewe utamlipa mshahara, kwa hiyo gharama ni ya mwaka huu. Tofauti yake ni kwamba kwenye makadirio unapunguza zile siku za watu unaotarajia wataondoka kabla hawajazitumia. Ila kabla hujapunguza angalia kwanza sheria ya kazi ya nchi yako, maana sehemu nyingi sheria inalazimisha kulipa siku zilizobaki mtu akiondoka, na sera ya ofisi haiwezi kuivuka sheria.

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Chukua kampuni yenye wafanyakazi wanne, mwaka unaisha 31 Desemba, kila mtu anapata siku 24 za kazi kwa mwaka yaani siku mbili kila mwezi, na sera inaruhusu kuhamisha siku zisizozidi 10, zikizidi hapo zinakufa. Mwezi una siku 22 za kazi.

Msimamizi wa uzalishaji analipwa 1,100,000 kwa mwezi, kwa hiyo siku yake moja ni 50,000. Amechukua siku 10 tu, zimebaki 14, lakini zinazohama ni 10, deni lake ni 500,000. Dereva analipwa 440,000, siku yake ni 20,000, amebakiza 6, hiyo ni 120,000. Karani wa mauzo analipwa 660,000, siku ni 30,000, amebakiza 3, ni 90,000. Wa nne ni fundi aliyeanza kazi tarehe 1 Septemba kwa mshahara huohuo wa 660,000, miezi minne imempa siku 8 na hajachukua hata moja, kwa hiyo ni 240,000. Jumla 950,000. Halafu kama kwenye nchi yako mwajiri anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii juu ya mshahara, mchango huo utaulipa pia siku watakapokuwa likizo, kwa hiyo nao unaingia, tuseme ni asilimia 10, ni 95,000. Deni la likizo ni 1,045,000.

Hapo kwenye kugawa kwa 22 naomba usimame kidogo. Kama likizo yenu inahesabiwa kwa siku za kazi unagawa mshahara kwa siku za kazi, na kama inahesabiwa kwa siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, basi unagawa kwa 30. Tunakuta mtu anahesabu likizo kwa siku za kazi halafu anagawa kwa 30, hapo deni la msimamizi linashuka kutoka 500,000 mpaka 366,667 bila sababu yoyote, na kwa sababu fomyula iko kwenye karatasi ya Eksel ya miaka na miaka hakuna anayeiangalia tena. Na mshahara unaotumia ni ule utakaolipa likizo itakapochukuliwa, kwa hiyo kama Desemba mmeshakubaliana kuwa mishahara inapanda kuanzia 1 Januari, tumia mshahara mpya.

Kosa lingine kubwa liko kwenye kuandika. Mwaka jana kampuni hii ilikuwa na deni la likizo la 700,000. Mwaka huu limekuwa 1,045,000. Gharama ya mwaka huu siyo 1,045,000, ni ile tofauti tu, 345,000: unadebiti gharama za wafanyakazi 345,000 na kukrediti deni la likizo 345,000. Siku za mwaka jana zilipochukuliwa mwaka huu mishahara yake ilipita kwenye gharama kama kawaida, sasa ukiandika 1,045,000 yote upya bila kuondoa lile la zamani unakuwa umeihesabu gharama mara mbili na deni linaendelea kuvimba kila mwaka. Ukiona akaunti hiyo inapanda kila mwaka wakati idadi ya wafanyakazi ni ileile, anza kukagua hapo. Na ukiona kiasi ni kilekile miaka mitatu mfululizo, ujue hakuna anayehesabu, wanakopi tu.

Na hesabu nzima inategemea daftari la likizo. Mtu ambaye daftari linasema hajachukua hata siku moja mwaka mzima mwangalie kwa makini, mara nyingi alikwenda ila fomu haikufika kwa anayetunza daftari. Linganisha na daftari la mahudhurio au muulize msimamizi wake, na ikiwezekana kila mfanyakazi asaini siku zake zilizobaki mwezi wa kumi na mbili. Kuna na wale waliochukua likizo kuliko walizozipata, salio lao ni hasi. Hao usiwachanganye kwenye jumla wakapunguza deni la wenzao. Waweke pembeni, halafu jiulize kama akiondoka kesho utaweza kweli kumkata hizo siku.

Twende kwenye bonasi. Hapa swali siyo hesabu tu, ni kama mpaka tarehe 31 Desemba kampuni ilikuwa imeshajifunga. Viwango vinataka mambo mawili: uwe na wajibu uliotokana na jambo lililokwishatokea, na kiasi chake kiweze kukadiriwa kwa uhakika. Wajibu unaweza kuwa wa mkataba, na unaweza kuwa wa mazoea, yaani umefanya kitu kwa namna ambayo wafanyakazi wanakitegemea kihalali na wewe huna njia ya kweli ya kukwepa kulipa.

Kampuni yetu ina makubaliano ya maandishi: asilimia 5 ya faida kabla ya bonasi na michango yake, wafanyakazi wote wanne wanagawana sawasawa, inalipwa Machi, na aliyeacha kazi kabla ya malipo hapati. Faida kabla ya likizo na bonasi ni 20,345,000. Tunaanza na likizo kwanza kwa sababu inapunguza faida ambayo bonasi inahesabiwa juu yake, tunabaki na 20,000,000, asilimia 5 ni 1,000,000, kila mmoja 250,000. Lakini dereva alitoa notisi tarehe 15 Desemba kwamba anaondoka mwisho wa Januari. Je, sehemu yake inarudi kwa wenzake au inabaki kwa kampuni? Makubaliano yakisema wenzake wanaigawana, deni ni 1,000,000 palepale. Yakisema inabaki kwa kampuni, deni ni 750,000. Hapa inabaki kwa kampuni, kwa hiyo 750,000 na mchango wa mwajiri wa asilimia 10, 75,000, jumla 825,000. Siku zake 6 za likizo lakini hazifutwi, atazichukua au atalipwa.

(Soma vizuri maneno ya mkataba. Ungesema asilimia 5 ya faida baada ya bonasi, unachukua 20,000,000 mara 5 kugawa kwa 105, inakuja 952,381, na siyo 1,000,000.)

Pasipo na maandishi ndo pagumu. Mwenye kampuni mmoja kila Januari, mwaka wa nne sasa, anawapa watu nusu mshahara, halafu anasisitiza kuwa "hiyo ni zawadi yangu, siyo deni". Namwelewa, ila wafanyakazi wake wanaipangia matumizi kabla haijatoka na yeye mwenyewe anajua akiacha kutoa patakuwa na mtafaruku, na kiasi kinajulikana kwa sababu ni kilekile kila mwaka. Hiyo inaandikwa Desemba. Sasa linganisha na kampuni ambayo haijawahi kutoa bonasi, hesabu zikaonyesha mwaka ulikuwa mzuri, wakurugenzi wakakaa tarehe 20 Januari wakaamua watoe. Tarehe 31 Desemba hakuna aliyekuwa ameahidiwa kitu, kwa hiyo ni gharama ya mwaka mpya hata kama sababu yake ni faida ya mwaka uliopita, na kama ni kubwa unaieleza kwenye maelezo ya hesabu. Ahadi ingetolewa kwa wafanyakazi tarehe 20 Desemba na kiasi kikapangwa Januari kabla hesabu hazijasainiwa, ingeingia mwaka uliopita. Kwa hiyo mkaguzi akikuomba muhtasari wa kikao au tangazo lililotumwa kwa wafanyakazi, anachotafuta ni tarehe.

Kuna wanaoandika bonasi kubwa kwa makusudi ili faida ionekane ndogo halafu mwakani wanairudisha. Ukikuta iliyoandikwa ni 2,000,000 na iliyolipwa ni 825,000, dai maelezo. Tofauti ndogo za makadirio ni kawaida na zinaingia mwaka wa malipo, ila tofauti ya namna hiyo siyo makadirio. Kwenye kodi nako sheria zinatofautiana, baadhi ya nchi hazikubali kukata gharama ya bonasi mpaka ilipwe, kwa hiyo hesabu za kodi zinaweza kuwa na marekebisho hata kama hesabu zako ziko sahihi.

Kwenye mizania kampuni yetu inaonyesha 1,045,000 ya likizo na 825,000 ya bonasi, 1,870,000 chini ya madeni ya muda mfupi, na faida imeshuka mpaka 19,175,000. Machi bonasi ikilipwa, malipo yanadebiti lile deni, siyo gharama. Mwambie anayeendesha mishahara mapema, kwa sababu mfumo wa mishahara wenyewe unapeleka kila kitu kwenye gharama, halafu unashangaa Juni deni la 825,000 bado limekaa palepale wakati watu walishapata hela zao.