Barua pepe ya shukrani baada ya simu ya mchujo: maana yake na namna inavyoandikwa

Simu ya mchujo ni yale mazungumzo ya dakika 15 hadi 30 ambayo afisa wa ajira humpigia mwombaji kabla ya usaili wenyewe. Haimpi mtu kazi. Inaamua nani apelekwe mbele kwa meneja anayehitaji mfanyakazi na nani aachwe. Barua pepe ya shukrani ni ujumbe mfupi, wa maneno 80 hadi 130, ambao mwombaji humtumia afisa huyo siku ileile. Neno shukrani limo katika jina lake, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: kumkumbusha afisa, kwa jambo mahsusi, kwamba unaifaa nafasi ile.

Ili kuelewa kwa nini iandikwe hivi na si vile, tazama anachofanya afisa baada ya kukata simu. Huenda siku hiyo amezungumza na watu wanane kwa nafasi moja. Kwa kila mmoja anaandika mistari michache: ana uzoefu gani, anaweza kuanza lini, kuna wasiwasi gani. Mistari hiyo ndiyo anayompelekea meneja, na meneja hajakusikia hata sauti. Mara nyingi afisa mwenyewe hajawahi kuifanya kazi unayoomba. Anajua kuchuja watu, ila hajui kwa undani kazi za bukingi, jiko au mapokezi. Kwa hiyo ukimpa sentensi moja iliyo tayari, inayosema hasa kwa nini unafaa, atainakili ilivyo. Usipompa, atatunga yake kwa anachokumbuka.

Hapo ndipo barua hii inapotofautiana na ile ya baada ya usaili na meneja. Meneja unaweza kumwandikia kwa lugha ya kazi, kwa kuwa anaijua. Afisa wa ajira anahitaji maneno ambayo ataweza kuyarudia kwa mtu mwingine bila kuyaharibu.

Tuchukue mfano mmoja tuupitie wote. Hoteli moja ya Paje, Unguja, inatafuta mtu wa bukingi kabla ya wageni wa Juni kuanza kuingia. Mwombaji yuko Wete, Pemba, na alipata kufanya kazi Mji Mkongwe. Afisa amempigia saa nne asubuhi, wamezungumza dakika 20. Katika mazungumzo afisa ametaja kwamba hoteli inasumbuliwa na chumba kimoja kuuzwa mara mbili. Ameuliza kama mwombaji anaijua Opera, programu ya kompyuta ya kuendeshea hoteli, na mwombaji akajibu kwa kubabaika. Akauliza pia lini anaweza kuanza.

Waombaji wengi wangeandika hivi:

"Nakushukuru sana kwa muda wako adhimu. Nimefurahi mno kuzungumza nawe. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza, na naamini nitaisaidia sana hoteli yenu. Natarajia majibu mazuri."

Hakuna kosa la adabu hapo. Kosa ni kwamba barua hii ingeweza kuandikwa kabla ya simu kupigwa. Hakuna neno hata moja lililotoka katika mazungumzo, na afisa hana cha kunakili. "Mchapakazi" na "mwaminifu" wameandika wote wanane.

Sasa soma hii:

"Kichwa: Simu ya leo: nafasi ya bukingi, Paje

Assalaam alaykum Bi. ______,

Ahsante kwa mazungumzo ya leo asubuhi kuhusu nafasi ya bukingi hotelini Paje.

Ulinieleza kwamba tatizo linalowasumbua zaidi ni chumba kimoja kuuzwa mara mbili, kwa sababu maombi ya mawakala yanakuja kwa barua pepe na ya wageni kupitia Booking.com. Kazi hiyo nimeifanya kwa misimu miwili katika nyumba ya wageni yenye vyumba 18, Mji Mkongwe. Likija ombi la wakala, nilikuwa nakifunga chumba kwanza Booking.com, kisha ndiyo namjibu wakala.

Uliponiuliza kuhusu Opera sikujibu vizuri. Sijaitumia. Nilichotumia ni Excel na ukurasa wa Booking.com wa wenye hoteli.

Nipo Wete kwa sasa, na kama nilivyosema, naweza kuwa Unguja tayari kwa kazi kuanzia tarehe 1 Juni. Nasubiri taarifa ya hatua inayofuata.

(Jina kamili, nambari ya simu)"

Uzito wote wa barua umo katika aya ya pili. Ina vipande viwili vilivyounganishwa: shida aliyoitaja afisa mwenyewe, kisha ushahidi kwamba shida hiyo umeishika kwa mikono yako. Kipande cha kwanza kinaonyesha ulisikiliza. Cha pili lazima kiwe na kitu kinachopimika, kama idadi ya vyumba, muda, au namna ulivyofanya. Ile sentensi ya kufunga chumba kwanza ndipo umjibu wakala ni fupi, lakini meneja wa bukingi akiisoma atajua anazungumza na mtu wa kazi hiyo. Ukimjibu wakala "chumba kipo" kisha ukaenda kukifunga, katika dakika chache za katikati mgeni mwingine anaweza kukinunua mtandaoni, na hoteli imeshaahidi chumba kwa watu wawili. Huhitaji kuyaeleza hayo kwenye barua. Utaratibu wenyewe unajieleza.

Aya ya Opera wengi huiogopa, lakini ndiyo inayowaokoa wengi. Afisa aliyesikia kigugumizi anaweza kuandika "inaonekana hajui kompyuta" au, kinyume chake, "anajua Opera". Yote mawili ni hatari. La kwanza litakuangusha bure, la pili litakuaibisha siku ya usaili utakapowekwa mbele ya skrini. Sahihisha kwa sentensi mbili au tatu, sema hujatumia nini na umetumia nini, uache hapo. Usiombe radhi kwa aya nzima, na usiahidi kwamba utajifunza kwa wiki moja. Kama majibu mawili yalikwenda vibaya, chagua lile linalogusa kazi zaidi. Ukisahihisha matatu, barua inageuka kuwa utetezi.

Baada ya kuisoma, afisa anaweza kumwandikia meneja hivi: "Bukingi vyumba 18, misimu miwili. Anafunga chumba kabla ya kumjibu wakala. Hajatumia Opera, anatumia Excel na Booking.com. Anaanza 1 Juni." Mistari hiyo yote umemwandikia wewe. Tarehe ya kuanza ina uzito wake hapa Unguja, kwa sababu hoteli nyingi za pwani hupungukiwa na wageni wakati wa masika, nyingine hufunga kabisa kwa matengenezo, na zinataka watu wawe wameshazoea kazi kabla msimu haujapamba moto. Mtu wa Pemba aitaje wazi. Afisa akibaki na shaka juu ya kuhama na makazi, ni rahisi kwake kumchukua aliye karibu.

Barua ya namna hii haiandikiki kama wakati wa simu hukuandika kitu. Weka karatasi na kalamu, na chukua mambo matatu tu: shida au hitaji alilolitaja kwa maneno yake, swali ulilojibu vibaya, na alichosema kuhusu hatua inayofuata. Kama mazungumzo yanakaribia kwisha na hajataja shida yoyote, muulize: "Mtu mtakayemchukua, jambo gani mngependa alishike mwanzo?" Jibu lake ndilo la kujenga aya yako ya pili. Akikwepa, rudi kwenye tangazo la kazi uchukue sharti la kwanza lililotajwa.

Itume ndani ya saa 24, na bora siku hiyohiyo, kwa kuwa mistari ya afisa huandikwa mapema. Simu ikipigwa Ijumaa asubuhi, maliza kuandika kabla hujatoka kwenda kuswali. Ukiiacha hadi Jumatatu huenda orodha imeshapelekwa. Ijibu katika barua pepe ileile aliyokuitia simu, usifungue mpya, ili akifungua aone mazungumzo yote mahali pamoja. Kichwa kipya, kama kile cha mfano, ni kwa yule aliyepigiwa bila kuandikiwa kwanza. Huyo aombe anwani kabla ya kukata simu, na aitamke herufi kwa herufi, kwani nukta moja ikikosewa barua haifiki.

Lugha ni ile iliyotumika kwenye simu. Kama mlizungumza Kiingereza, kama zinavyofanya hoteli nyingi, andika Kiingereza kwa mpangilio huuhuu. Kuhusu salamu, anza kwa salamu mliyosalimiana. Kwa wakala wa ajira wa Dar es Salaam usiyemjua dini yake, "Habari za mchana" inatosha. Tumia Bi. au Bwana pamoja na jina alilojitambulisha nalo, hata kama kwenye simu alikuwa mchangamfu. "Shikamoo" iache kwa mdomo.

Mambo mengine yanayoharibu barua hii ni machache. La kwanza ni mshahara. Kama ulijadiliwa kwenye simu, usiurudie. Kama haukujadiliwa, hapa si mahali pake. Kuambatisha wasifu tena hakusaidii isipokuwa umeombwa. Na yule anayenakili barua moja kwa maombi matano hujulikana pale jina la hoteli ya Nungwi linapobaki kwenye barua ya Paje, na hapo hakuna la kusahihisha. Lililo baya zaidi ni kuongeza sifa ambayo hukuitaja kwenye simu na hukuwa nayo. Mtu anaandika anazungumza Kitaliano kwa sababu afisa alisema wageni wengi ni Wataliano. Afisa ataipeleka sifa hiyo kwa meneja kwa jina lake mwenyewe, na ikigundulika uongo, wewe na yeye mmeharibikiwa pamoja.

Barua hii pia haiwezi kumfaa asiyetimiza sharti la lazima. Kama hoteli imeamua kwamba bila Opera hapana, sentensi nzuri haitabadili uamuzi. Inamfaa yule aliye mpakani, mwenye uzoefu unaofaa lakini ambaye kwenye simu hakuueleza vizuri.

Ukishaituma, subiri. Kama afisa alisema mtapata majibu Jumatano, usiandike kabla ya Ijumaa. Kama hakutaja siku, acha wiki moja ipite, kisha ujibu kwenye barua ileile kwa mistari miwili: "Naulizia hatua inayofuata kwa nafasi ya bukingi Paje. Tarehe 1 Juni bado iko vilevile kwangu." Kumpigia simu ya mkononi au kumtumia ujumbe wa WhatsApp kunafaa pale tu yeye mwenyewe alipoanza kuwasiliana nawe kwa njia hiyo.