Wembe, waksi au mashine: dhana potofu kuhusu nywele za miguu

Anayetaka kuondoa nywele za miguu kwa mara ya kwanza huuliza njia ipi ni bora. Swali la kuanza nalo ni hili: kila njia inaukata unywele wapi? Mashine inaukata juu ya ngozi na kuacha kisiki cha milimita moja hadi tatu. Wembe unaukata usawa wa ngozi, na ngozi ikivutwa sana unaukata chini kidogo ya usawa huo. Waksi inaung'oa pamoja na mzizi. Vipele, madoa na maumivu yanayomrudisha mtu nyuma huanzia hapo, na dhana nyingi zinazosambaa zinatokana na kutokujua tofauti hiyo.

Dhana: Ukinyoa mara moja tu, nywele zitarudi nene, ngumu na nyeusi

Hii ndiyo dhana inayowatisha wengi. Ukweli ni kwamba wembe haufiki kwenye mzizi, na mzizi ndio unaoamua unene, rangi na kasi ya kuota. Sehemu ya unywele iliyo nje ya ngozi haina uhai, kwa hiyo ukiikata haipeleki habari yoyote chini.

Kwa nini basi mguu hukwaruza siku mbili baada ya kunyoa? Tazama bua la mtama. Likiwa limesimama shambani, ncha yake ni laini na inapinda. Likishafyekwa, kinachobaki ni kisiki bapa kinachochoma nyayo, ingawa bua halijanenepa hata kidogo. Unywele ambao haujawahi kukatwa una ncha iliyochongoka. Ukishakatwa, unatokeza na upande wake mnene mbele. Tena ni mfupi, haupindi, na haujapauka kwa jua, ndiyo maana unaonekana mweusi zaidi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1928 mtafiti Mildred Trotter wa Marekani alichunguza ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa na hakuona zikinenepa. Mwaka 1970 ukachapishwa utafiti uliofanywa kwenye miguu yenyewe: vijana watano wa kiume walinyolewa mguu mmoja kila wiki kwa miezi kadhaa, mguu wa pili ukaachwa. Unene wa nywele, kasi ya kuota na uzito wake havikutofautiana.

Kinachoipa dhana hii nguvu ni umri. Msichana wa miaka 13 au 14 huanza kunyoa wakati uleule ambao homoni zinaongeza nywele zake. Mwaka mmoja baadaye nywele ni nyingi, na lawama anabebeshwa wembe. Hata asingenyoa, zingeongezeka.

Dhana: Waksi ndiyo salama kwa kila mtu kwa kuwa haikati

Waksi haiachi kisiki, na hilo ni faida kubwa. Ukifanyiwa vizuri, mguu hubaki laini kwa wiki tatu hivi. Lakini kila unywele ukitoka, unaacha kitundu kilichoumia, na unywele mpya lazima utafute njia ya kutokea. Kwa mwenye nywele zilizonyooka si shida. Kwa wengi wetu wenye nywele za kujikunja, ncha mpya inaweza kupinda kabla haijatoka na kuota ndani ya ngozi. Mwili unaichukulia kama mwiba: panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha. Na ngozi nyeusi ikishawaka hivyo huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Kipele chenyewe kilikuwa cha siku tano tu.

Wembe nao una hatari hiyo, hasa ukinyoa kwa kwenda kinyume na uotaji wa nywele. Mashine karibu haina kabisa, kwa kuwa ncha haizami chini ya ngozi. Kwa hiyo mwenye nywele za kujikunja, au ambaye vidonda vyake huacha makovu ya kuvimba, aanze na mashine. Huo ndio ushauri tunaousimamia, hata kama mguu hautateleza kama wa kwenye matangazo.

Kuna watu ambao waksi waiache kabisa kwa sasa. Wa kwanza ni anayepaka mkorogo miguuni. Mikorogo mingi ina dawa za steroidi kama klobetasoli, na dawa hizo hukondesha ngozi. Waksi ikivutwa inaweza kuondoka na tabaka la juu la ngozi, pakabaki kidonda kibichi. Ni hivyohivyo kwa anayemeza isotretinoini ya chunusi. Mwenye kisukari au mishipa iliyovimba miguuni amwone daktari kwanza.

Dhana: Nywele zikionekana wiki ya pili, waksi ilikuwa mbovu

Nywele za mguu haziko katika hatua moja. Nyingine zinakua, nyingine zimepumzika, nyingine bado ziko chini ya ngozi na waksi haiwezi kuzishika. Hizo za chini ndizo zinazochomoza wiki ya pili. Kosa linalofanywa hapo ni kuzipitia wembe: unaziweka tena nyuma ya wenzake, na safari ijayo hazitafikia urefu unaotakiwa. Waksi inahitaji unywele wa milimita tano hivi, karibu na urefu wa punje ya mchele. Nywele za mguu hukua takriban milimita 0.2 kwa siku, kwa hiyo aliyenyoa leo asubiri wiki tatu hadi nne.

Ila kuna waksi mbovu kweli, na unaweza kuitambua palepale. Pitisha kidole juu ya mguu dakika kumi baada ya kumaliza. Ukigusa visiki vigumu, nywele zimekatika badala ya kung'oka. Sababu yake mara nyingi ni mkono wa mvutaji. Waksi hupakwa nyembamba kwa kufuata uotaji wa nywele, ngozi inashikiliwa kwa mkono mmoja, kisha kitambaa kinavutwa kwa mara moja kuelekea kinyume, kikibaki sambamba na ngozi. Ukikivuta kwenda juu kama unabandua plasta, nywele zinakatika na ngozi inapata michubuko. Mafuta nayo huizuia waksi kushika, kwa hiyo siku hiyo usipake kitu. Nawa, kausha, nyunyiza poda kidogo. Sehemu moja isivutwe zaidi ya mara mbili.

Dhana: Nta ya nyuki ya Singida inafanya kazi ileile kwa bei ndogo

Jina linapotosha. Nta halisi huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, joto la kuunguza ngozi. Ukiiacha ipoe inakuwa ngumu na kukatika vipande bila kuushika unywele barabara. Waksi ya saluni huwa na ulimbo wa miti ndani yake, na huo ulimbo ndio unaonata. Sukari iliyopikwa kwa maji na limao inanata, lakini ikiwa jikoni inazidi nyuzi joto 100 na haipoi haraka. Mgeni wa mambo haya asijifunzie hapo. Hata saluni, omba waksi ijaribiwe kwanza ndani ya kifundo cha mkono wako.

Dhana: Wembe ukikandamizwa ndipo mguu unapokuwa laini

Kukandamiza hukwangua ngozi, na unywele unabaki palepale. Wembe mkali hukata kwa uzito wake. Ukijikuta unatumia nguvu, wembe umekwisha. Nyembe za mpini zinazotupwa zinafaa mara tano hadi saba kwa miguu, kisha uzitupe, na usiazime wala kuazimisha: damu isiyoonekana inaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI.

Hapa Dodoma kuna jambo la kuangalia zaidi. Maji ya visima vingi yana chumvi, na sabuni ya mche haitoi povu zito ndani yake. Povu jepesi hukauka mguuni katikati ya kazi, na wembe unapita mahali pakavu. Kondishena ya nywele za kichwani ni mbadala mzuri, kwani haihitaji povu. Loweka miguu kwa maji ya uvuguvugu dakika tatu au nne, paka kondishena, kisha nyoa kutoka goti kushuka kifundoni, kufuata uotaji. Mipapaso iwe mifupi, na suuza wembe kila baada ya mpapaso mmoja au miwili. Kwenye ugoko ngozi imekaa juu ya mfupa, kwa hiyo legeza mkono. Goti likunje kidogo ili mikunjo inyooke. Ukimaliza, suuza, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo na ubaridi wa hapa hukausha miguu hadi inapauka, na ngozi kavu iliyonyolewa huwasha. Usiku huo na kesho yake paka tena.

Dhana: Mashine ni ya kinyozi na ni ya wanaume

Mashine ndogo inakata nywele za yeyote. Weka kitana namba moja, kinachoacha milimita tatu, pitisha juu ya mguu mkavu usio na mafuta kinyume na uotaji, kisha uamue kama unataka fupi zaidi. Ya kuazima ifutwe meno kwa spiriti ya asilimia 70 na iachwe ikauke. Usiikandamize bila kitana, maana meno hukwaruza.

Mfano: harusi ya Jumamosi, baada ya wiki tatu

Chukua msichana ambaye hajawahi kugusa nywele zake, zina urefu wa sentimita moja na zinajikunja. Wengi katika hali hii hungoja Ijumaa jioni wakaenda kwenye waksi, Jumamosi wakaamka na miguu yenye vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Afanye hivi. Leo achague upande wa nje wa shavu la mguu, apunguze kwa mashine eneo la ukubwa wa kiganja kwenye mguu mmoja, na anyoe eneo kama hilo kwenye mguu mwingine. Akitamani waksi, aombe ukanda mmoja tu juu ya kifundo. Aangalie kesho yake, siku ya tatu na siku ya kumi na mbili. Wekundu na vipele vidogo vya siku ya kwanza ni kawaida, vikiisha ndani ya siku mbili. Kinachoamua ni siku ya kumi na mbili: akiona vivimbe vyenye nukta nyeusi katikati au unywele uliopinda chini ya ngozi, njia hiyo haimfai, na bado ana zaidi ya wiki moja ya kutulia.

Pakibaki safi upande wa wembe, anyoe miguu yote Alhamisi jioni. Pasipobaki safi, Ijumaa apitishe mashine bila kitana, kwa mkono mwepesi. Mtu akiwa hatua mbili mbali haoni milimita moja.

Kivimbe kilichojitokeza asikitumbue kwa sindano wala asikisugue kwa jiwe la kusugulia miguu. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika kumi, mara mbili kwa siku, mara nyingi kinatosha ncha kutoka yenyewe. Pakiwa na joto, maumivu yakizidi kila siku, au wekundu ukianza kupanda mguu, hapo ni zahanati siku hiyohiyo.