Makato yanayojirudia: namna ya kuyakamata kwenye taarifa za akaunti kabla ya kuamua yapi yakatwe

Mezani kwetu, kwenye dawati la elimu la chama cha akiba na mikopo, wanachama wengi huja na swali moja: "Mbona hela inaisha na sijanunua kitu?" Mara nyingi jibu limo kwenye kadi ya benki. Filamu, hifadhi ya picha, programu ya watoto, kila moja inakata kidogo kidogo bila kuomba ruhusa upya. Nitaeleza kwa mfano nilioupanga kutokana na mambo ninayokutana nayo: mume na mke, kila mmoja na kadi yake, pamoja na akaunti ya pesa za simu. Wamechukua taarifa za kuanzia Januari hadi Juni 2025, wakazitoa kwenye PDF na kuziweka kwenye Ekseli.

Kabla ya kutafuta chochote, hakikisha mistari yote imefika. PDF ikigeuzwa kuwa jedwali, mstari wa mwisho wa ukurasa hupenda kupotea, na maelezo marefu hukatika yakawa mistari miwili. Dawa yake ni safu ya salio. Ikiwa makato yako kwenye D, mapato kwenye E na salio kwenye F, andika hivi kwenye mstari wa tatu kisha uvute hadi chini:

```
=ROUND(F2-D3+E3-F3,2)
```

Kila jibu liwe sifuri. Lisipokuwa sifuri, hapo kuna mstari uliopotea, au kiasi kimeingia safu isiyo yake. Fanya hivi kwa kila taarifa peke yake na kabla ya kupanga upya mistari, kwa sababu ukishaipanga, salio halina maana tena. Nawasihi pia msipeleke taarifa ya benki kwenye tovuti yoyote ya bure ya kugeuza PDF. Humo mna jina lako, namba ya akaunti na maisha yako yote. Ekseli za siku hizi kwenye Windows zinaweza kusoma PDF zenyewe, na benki nyingi zikiombwa hutoa faili la jedwali moja kwa moja.

Sasa ziunganishe. Mume alikuwa na taarifa mbili, moja ya Januari hadi Aprili na nyingine ya Aprili hadi Juni, kwa hiyo Aprili nzima imeingia mara mbili. Kishawishi ni kufuta kila mistari inayofanana tarehe na kiasi. Usifanye hivyo. Programu ya masomo ya watoto ilikata shilingi 5,900 mara mbili siku ileile kwa sababu watoto wawili wamesajiliwa kila mmoja kivyake, na hilo ndilo jambo tunalolitafuta. Futa kwa kufuata namba ya kumbukumbu ya muamala. Namba ikifanana na kiasi nacho kikifanana, ni muamala mmoja uliorudiwa na faili. Namba zikitofautiana, hela imetoka mara mbili kweli.

Kazi inayofuata ni ya macho, na ndiyo inayochosha. Majina kwenye taarifa hayatulii. Huduma moja inaweza kuandikwa na namba mwishoni mwezi huu, na mji wa kigeni mwezi ujao. Ongeza safu ya jina safi, uandike kwa mkono "Filamu", "Hifadhi ya picha", lakini maelezo ya asili usiyaguse. Ukikuta `APPLE.COM/BILL`, usidhani ni huduma moja, kwani chini ya jina hilo hupita vitu vingi vinavyolipiwa kwa akaunti ya Apple, na mara nyingine ununuzi kadhaa hukatwa kwa mkupuo. Hapo risiti za barua pepe ndizo zitakazokueleza. `GOOGLE *` ina nafuu kidogo, maana kwa kawaida hufuatiwa na jina la huduma au la muuzaji.

Panga kwa jina safi, kisha kwa tarehe, halafu pima siku zilizopita kati ya kato na kato (jina safi likiwa kwenye C, tarehe kwenye A):

```
=IF(C3=C2,A3-A2,"")
```

Siku 28 hadi 31 ni huduma ya mwezi, 7 ni ya wiki. Kato la filamu lilikuwa la tarehe 31, na kwa Februari lilishuka hadi tarehe 28. Mwezi wa Mei halikuonekana kabisa, kisha Juni likaonekana mara mbili, tarehe 2 na tarehe 30. Mke alishadhani wameibiwa. Kumbe tarehe 31 Mei ilikuwa Jumamosi, benki ikaliandika Jumatatu.

Watu wengi huanza kwa kutafuta kiasi kinachofanana, na hapo ndipo wanapokosea. Huduma inayotozwa kwa dola haifanani miezi miwili. Filamu ya dola 7.99 ilikata shilingi 20,135 Januari na 21,174 mwishoni mwa Juni. Je, kampuni imepandisha bei au shilingi imeshuka? Linganisha na huduma nyingine ya dola iliyokatwa siku zilezile. Hifadhi ya picha ilitoka 5,015 hadi 5,274. Zote mbili zimepanda kwa takriban asilimia 5, kwa hiyo ni dola. Ingepanda moja tu, ningemshuku mwenye huduma. Benki ikitoza ada ya muamala wa kigeni kwa mstari wake wa pembeni, iongeze kwenye gharama ya huduma husika.

Si kila kinachojirudia ni cha kukatwa. Kodi ya nyumba, rejesho la mkopo, mchango wa kikoba na ada ya mwezi ya akaunti vitajitokeza vyote, viweke kando. Kinyume chake, kuna visivyojitokeza. Programu ya kukinga virusi ilikata 96,000 mara moja tu, tarehe 14 Februari. Ukiwa na miezi sita, huwezi kujua kama ni ya mwaka au ilinunuliwa na kuisha, kwa hiyo iandike "inadhaniwa". Kuona kato la mwaka likijirudia kunataka taarifa za miezi 13. Na zile huduma za ujumbe mfupi zinazokula salio la muda wa maongezi hutaziona kabisa kwenye akaunti ya pesa za simu, ambako utaona tu kwamba vocha inanunuliwa mara nyingi kuliko simu zinazopigwa.

Muhtasari wa kupeleka kwenye kikao cha familia cha kuamua yapi yakatwe uwe ukurasa mmoja, kila huduma na mstari wake. Wa filamu ulisomeka hivi: kadi ya baba, mara 6, Januari hadi Juni, la mwisho 21,174, jumla 126,402, linalofuata 31 Julai, hakika. Mwishoni kuna nafasi tupu ya "nani anatumia". Aliyechambua asiijaze kwa kubahatisha. Ilipojazwa kikaoni, ilibainika kwamba mke naye analipia hifadhi ileile ya picha kwa kadi yake, wakati nafasi ya mume ingeweza kushirikishwa familia nzima.

Waliamua kukata tatu, filamu ikiwemo. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo, inabidi kwenda kwenye orodha ya usajili ya Google Play au Apple, au tovuti ya huduma yenyewe, na kufanya hivyo siku kadhaa kabla ya tarehe ya kato linalofuata. Kubadilisha kadi nako si kinga ya uhakika, maana Visa na Mastercard zina utaratibu wa kuwapa wauzaji namba mpya pale benki inaposhiriki. Walihifadhi barua pepe ya kuthibitisha kujitoa, na kwenye muhtasari wakaandika tarehe ya kutazama tena: 4 Agosti. Kato la filamu likionekana siku hiyo, barua ile ndiyo wataibeba benki kudai hela yao.